Kitufe cha Iafoni za Waya: Unachobonyeza na Simu Inachosoma

Chukua iafoni zako za waya na uitazame pini yake kwenye mwanga. Utaona vijistari vya plastiki, vyeusi au vyeupe, vinavyokata chuma vipande vipande. Vikiwa viwili, iafoni hizo hazina maiki, na kama zina kitufe basi ni cha urembo tu. Vikiwa vitatu, chuma kimegawanyika sehemu nne, na hapo ndipo mambo yetu yanapoanzia. Kwa iafoni nyingi za siku hizi, ncha ya pini hubeba sauti ya sikio la kushoto, kipande kinachofuata hubeba ya kulia, cha tatu ni waya wa pamoja wa kurudishia umeme ambao mafundi huuita gandi, na cha mwisho, kile kilichogusana na plastiki ya kushikia, ni maiki.

Umeona kilichokosekana? Hakuna kipande cha kitufe. Kile kidude cha plastiki kinachoning'inia usawa wa kidevu, chenye kitufe kimoja au vitatu, hakina waya wake hadi kwenye simu. Kinapanda mgongoni kwa maiki. Waya uleule unaopeleka sauti yako kwa unayeongea naye ndio unaopeleka habari kwamba umebonyeza. Ukishalishika hilo, karibu kila kituko cha kitufe kitakuwa na maelezo, na utaweza kujua tatizo liko kwenye pini, kwenye waya, kwenye kitufe chenyewe au kwenye simu, kabla hujatoa hela kwa mtu.

Simu hupeleka umeme mdogo sana kwenye waya wa maiki, takriban volti mbili, kwa sababu maiki haifanyi kazi bila huo umeme. Kisha inakaa inapima ukinzani, yaani kiasi ambacho njia hiyo inauzuia umeme kupita. Maiki ikiwa peke yake, ukinzani ni mkubwa, omu 1,000 na kuendelea. Ukibonyeza kitufe cha katikati, unaunganisha waya wa maiki moja kwa moja na gandi, na ukinzani unashuka hadi karibu na sifuri. Simu inaona anguko hilo na kusema: kabonyeza. Ukibonyeza cha kuongeza sauti, muunganiko unapitia rezista ndogo ya omu 240. Cha kupunguza kina ya omu 470. Hizo ndizo namba ambazo Google iliziandika kwa ajili ya watengenezaji wa simu za Android na iafoni zake, pamoja na kitufe cha nne kisichoonekana mara nyingi, cha omu 135, kinachoita msaidizi wa sauti.

Kwa hiyo simu haipokei agizo la "simamisha" wala "ongeza". Inasoma vitu viwili tu: ukinzani umeshuka hadi wapi, na umekaa chini kwa muda gani. Mengine yote inayakisia yenyewe.

Mbonyezo mmoja, miwili na wa kushikilia

Muziki ukiwa unapiga, mbonyezo mmoja wa kitufe cha katikati unausimamisha, na mwingine unauendeleza. Huenda umewahi kuona kwamba muziki hausimami papo hapo. Kuna kijichelewa kama theluthi moja ya sekunde. Kitufe hakijachoka. Tangu Android 8.1, simu ikishapokea mbonyezo wa kwanza hungoja kidogo ione kama wa pili unakuja, maana mibonyezo miwili ya harakaharaka ina maana nyingine kabisa: ruka uende wimbo unaofuata. Ukichelewesha wa pili, simu inahesabu mibonyezo miwili ya mmojammoja, na utasikia wimbo ukisimama kisha ukaendelea palepale. Anayelalamika kwamba "mara mbili haifanyi kazi" mara nyingi anabonyeza polepole mno, au kitufe chake kimelegea na kinachelewa kurudi juu.

Mibonyezo mitatu ni ya kurudi wimbo uliopita. Kwenye iPhone hilo ni la uhakika. Kwenye Android linategemea programu inayopiga muziki: nyingine zinakubali, nyingine zinahesabu miwili ya kwanza kuwa "wimbo unaofuata" na wa tatu kuwa "simama", ukabaki unashangaa. Baadhi ya programu za muziki zina sehemu kwenye mipangilio yake ya kuchagua miwili ifanye nini na mitatu ifanye nini, kwa hiyo chungulia humo kabla ya kulaumu waya.

Wenye iPhone wana nyongeza ambayo wengi hawaijui. Ukibonyeza mara mbili na ule wa pili ukaushikilia, wimbo unakimbizwa mbele. Mara tatu na kushikilia wa tatu, unarudishwa nyuma. Kwa anayesikiliza mawaidha au mahubiri ya saa nzima na amepitwa na sentensi moja, hiyo ni bora kuliko kutoa simu mfukoni ndani ya daladala.

Kushikilia, yaani kuweka kidole bila kukiondoa kwa nusu sekunde au zaidi, kunamwita msaidizi wa sauti: Siri kwenye iPhone, na yule wa Google kwenye Android. Wakati wa simu mambo yanabadilika, na hapa ndipo watu wanapojikwaa. Simu ikiita, mbonyezo mmoja unapokea, na kushikilia kunakataa. Kwenye iPhone ushikilie kama sekunde mbili, uachie, ndipo utasikia milio miwili ya chini. Mkiwa mnaongea, mbonyezo mmoja unakata simu. Kwenye Android inayofuata utaratibu wa Google, kunyamazisha maiki ni kushikilia. Mtu akitaka kukohoa pembeni anabonyeza mara moja akidhani ananyamazisha, kumbe amemkatia bosi wake. Kama hujui simu yako inafuata utaratibu gani, jaribu na ndugu, usijaribu kwenye kikao cha kazi.

Simu za WhatsApp na programu nyingine za kupigiana ni habari tofauti. Kitufe kinafika kwenye simu salama, lakini programu ndiyo inayoamua kukisikiliza au kukipuuza. Kikipokea simu ya kawaida na kikashindwa kupokea ya WhatsApp, iafoni zako hazina kosa.

Kitufe kinasikika, lakini anaitika mwingine

Hili nalitaja mapema kwa sababu watu wengi hutupa iafoni nzima kwa ajili yake. Tangu Android 8.0, kitufe kinapelekwa kwa programu iliyotoa sauti mara ya mwisho. Tuseme ulikuwa unasikiliza nyimbo kwenye Boomplay, ukasimamisha, ukafungua kivinjari ukatazama kipande cha video ya mpira, ukazima kioo ukaiweka simu mfukoni. Ukibonyeza sasa ukitarajia wimbo wako, utasikia mtangazaji wa mpira akiendelea, au hutasikia kitu kama ule ukurasa umeshafungwa. Fungua programu ya muziki, gusa kitufe chake cha kupiga kwenye kioo mara moja, na kuanzia hapo kitufe cha waya kitarudi kwa mwenyewe.

Sababu nyingine ya aina hiyo ni ule utunzaji wa betri unaozima programu zilizo nyuma ya kioo. Ukisimamisha muziki kwa dakika kadhaa kisha kitufe kikawa kimya, lakini kikiwa hai kila unapoifungua programu, ingia kwenye mipangilio ya betri uitoe programu hiyo kwenye orodha ya zinazobanwa. Fundi hahitajiki hapo.

Utajuaje kama mbonyezo wako unafika kwenye simu au unapotelea njiani? Njia rahisi haihitaji chombo chochote. Fungua programu ya kurekodi sauti, chomeka iafoni, anza kurekodi huku ukiongea mfululizo, hesabu moja hadi ishirini. Ukifika tano, kwaruza kwa ukucha tundu la maiki kwenye kidude cha vitufe. Ukifika kumi, bonyeza kitufe cha katikati kwa muda mfupi. Kisha sikiliza ulichorekodi. Mkwaruzo ukisikika mkubwa, maiki ya iafoni ndiyo inayotumika. Na kwenye kumi, kama kitufe kinafanya kazi yake, utasikia mlio wa "tapu" na sauti yako ikikatika kidogo, kwa sababu kitufe kimeuzima waya wa maiki kwa muda uliokibonyeza. Ukiusikia mkato huo na bado simu haijibu chochote kwa kitufe, waya ni mzima, pini ni nzima, kitufe ni kizima. Shughulika na programu. Mkwaruzo ukisikika lakini mkato haupo, kitufe chenyewe ndicho kibovu. Na mkwaruzo ukiwa hafifu, kama wa mbali, simu inatumia maiki yake yenyewe, haijui kabisa kwamba iafoni zako zina maiki. Hapo tazama pini na tundu.

Wakati wa kuchomeka ndio wakati wa kutambuliwa

Simu haikai ikijiuliza kila dakika ni kitu gani kimechomekwa. Inapima mara pini inapoingia, inatoa hukumu, na kuishikilia mpaka pini itoke. Ikikuta njia ya maiki imeungana na gandi, inasema hizi ni hedifoni za kawaida zisizo na maiki, na kuanzia hapo haishughuliki tena na kitufe. Sasa fikiria unavyochomeka huku umekibana kidude cha vitufe kwenye kiganja pamoja na waya. Kitufe kimebonyezwa wakati wa kupimwa, simu imeona sifuri, imetoa hukumu. Muziki unapiga vizuri masikio yote mawili na kitufe kimekufa. Kuchomeka polepole, pini ikisitasita katikati, kunaweza kuleta hukumu ileile.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya kitufe kilichokufa ghafla ni kuichomoa pini yote, kushika plastiki yake tu, na kuisukuma kwa mkupuo mmoja hadi mwisho, kidude kikining'inia huru. Kwenye simu nyingi za Android, alama ya hedifoni juu ya kioo hubadilika: ikiwa na kijiti cha maiki, umetambuliwa.

Kama haingii hadi mwisho, kuna kitu kinaizuia. Angalia kava kwanza. Kava nene la mpira lenye tundu dogo linaweza kuizuia plastiki ya pini isifike, na upungufu mdogo tu unatosha kuzihamisha sehemu nne za chuma zisikutane na vyuma vyake ndani. Sauti inaweza kuendelea kusikika, kwa kuwa ncha bado inagusa kitu, lakini kipande cha maiki kilichoko mwisho kabisa ndicho cha kwanza kupoteza mwenzake. Ukiona kijinafasi kati ya plastiki ya pini na mwili wa simu, vua kava ujaribu tena.

Bila kava nako ikigoma, kuna nyuzinyuzi za mfukoni ndani ya tundu. Kila unapochomeka unazishindilia chini, na baada ya miezi zinakuwa kama kipande cha gundi ngumu. Zima simu. Chukua kijiti cha meno cha mti, kichonge kiwe chembamba zaidi, na uchokoe taratibu kwa kuzungusha pembeni, uzitoe nyuzi kwa vipande. Usitumie sindano wala pini ya nguo. Ndani ya tundu kuna vyuma vyembamba vinavyofanya kazi kama springi, na ukikikunja kimoja umejitafutia kubadilisha tundu zima. Usipulize kwa mdomo pia, mate hayasaidii chuma.

Mwalimu na kitufe kinachofanya kinyume

Jirani yangu mwalimu alileta iafoni zake akiwa amekata tamaa nazo. "Hizi zimerogwa," alisema. Akibonyeza cha katikati kusimamisha muziki, anatokea msaidizi wa sauti kumuuliza anataka nini. Akibonyeza cha kuongeza, sauti inapungua. Akibonyeza cha kupunguza, inapungua kama kawaida. Muziki wenyewe ulikuwa safi masikio yote mawili, na akiongea na simu anasikika. Alikuwa na uhakika kwamba ndani ya kidude vitufe vimegeuzwa.

Namba zile za mwanzo ndizo zinazoeleza. Simu haitarajii omu 240 kamili, inakubali masafa. Kuanzia sifuri hadi 70 inasoma kitufe cha katikati. Kati ya 110 na 180 inasoma msaidizi wa sauti. Kati ya 210 na 290, ongeza. Kati ya 360 na 680, punguza. Sasa chukulia kuna uchafu kwenye kipande kimoja cha pini, kile cha maiki, na uchafu huo umeongeza ukinzani wa omu 150 njiani. Kitufe cha katikati, badala ya sifuri, simu inakiona 150: msaidizi. Cha kuongeza, 240 na 150 ni 390: punguza. Cha kupunguza, 470 na 150 ni 620, bado kimo ndani ya masafa yake: punguza. Vitufe vitatu, malalamiko matatu, na sababu moja.

Muziki wake haukuharibika kwa sababu kipande cha maiki hakibebi muziki. Na maiki haikujali, maana kwa kitu chenye ukinzani wa zaidi ya omu 1,000, nyongeza ya 150 si ya kukiangusha. Ndiyo maana kitufe huanza kuchanganyikiwa mapema kabla ya kitu kingine chochote kulalamika. Zaidi ya hapo, kipande cha maiki ndicho kilicho karibu na plastiki, mahali vidole vyenye jasho vinapogusa kila wakati wa kuchomeka.

Pini ya mwalimu ilikuwa na utando wa kahawia uliokolea mwisho wake. Pamba kidogo iliyoloweshwa spiriti, kusugua huku pini ikizungushwa, kuiacha ikauke, kisha kuichomeka na kuichomoa mara kadhaa ili vyuma vya ndani vijisugue nayo. Vitufe vikarudi kila kimoja kwenye kazi yake. Ukikosa spiriti, kifutio cha penseli kinaondoa utando mwepesi, mradi ufute vumbi lake lisibaki kwenye pini. Msasa sishauri. Unang'oa rangi ya dhahabu au nikeli iliyopakwa juu, na chuma cha chini kitashika kutu haraka kuliko mwanzo, hasa ukiishi mwambao ambako hewa yenyewe ina chumvi.

Kama pini ni safi na kituko kinabaki palepale kwenye simu nyingine pia, uchafu uko ndani ya kidude. Kitufe ni kijikofia cha chuma chembamba kinachobonyea na kugusa kibao kidogo, na jasho linalopenya kwenye kingo huacha ukoko wa kijani chini yake. Kidude kimegundishwa, kukifungua kwa wembe inawezekana, lakini mara nyingi kinapasuka, na kwa iafoni za bei ya barabarani sioni faida yake.

Simu inayojibonyeza yenyewe

Kinyume cha kitufe kilichokufa ni kitufe kisichonyamaza. Muziki unasimama wenyewe, nyimbo zinaruka, msaidizi anaitika bila kuitwa, sauti inapanda hadi mwisho bila mtu kugusa. Hapa ukinzani unashuka bila kidole. Hali hiyo ikitokea baada ya mazoezi, baada ya mvua, au baada ya iafoni kupita kwenye mashine ya kufulia zikiwa mfukoni, ni maji. Jasho lina chumvi na hupitisha umeme. Tone moja kati ya waya wa maiki na gandi ndani ya kidude linafanya kazi ya kitufe ambacho hakiachiwi. Zichomoe, kung'uta kidude huku tundu la maiki likitazama chini, na uzining'inize kivulini penye upepo usiku mzima au zaidi. Usizichomeke kila baada ya dakika kumi kuona kama zimepona. Umeme ukipita kwenye maji ya chumvi unaharakisha ule ukoko wa kijani.

Ikitokea kila unapotembea na simu mfukoni na kutulia unapokaa, ni waya. Piga muziki, shika simu isitikisike, na upinde waya taratibu pale unapotokea kwenye plastiki ya pini, kwanza huku kisha huku. Halafu fanya hivyo pale waya unapoingia na kutoka kwenye kidude, na pale unapogawanyika kwenda masikioni. Mahali ambapo muziki unasimama au kukwaruza ndipo nyuzi zimekatika ndani ya ngozi nzima. Mara nyingi ni shingo ya pini, kwa sababu ndiyo inayokunjwa na mfuko.

Mwimbaji akipotea

Kuna dalili moja ambayo ukiijua hutaisahau. Unachomeka iafoni kwenye simu, ala zinasikika, ngoma zinasikika kwa mbali kama ziko chumba cha pili, lakini mwimbaji hayupo, au sauti yake ni kivuli tu. Kisha unabonyeza kitufe cha katikati na kukishikilia, na ghafla mwimbaji anarudi, muziki unajaa kama kawaida. Ukiachia, anaondoka.

Hapo kuna tofauti ya mpangilio wa pini. Nilisema kipande cha tatu ni gandi na cha nne ni maiki. Huo ni mpangilio unaoitwa CTIA, unaotumika kwenye iPhone na karibu simu zote za Android za leo. Ulikuwepo mwingine, OMTP, uliobadilishana hivyo viwili, na simu nyingi za zamani za Nokia na Sony Ericsson ziliutumia. Iafoni za mpangilio huo zikichomekwa kwenye simu ya leo, gandi ya iafoni inakuta waya wa maiki wa simu. Sauti ya kushoto na ya kulia zinakosa mahali pa kurudi, zinaishia kupitiana zenyewe kwa zenyewe, na chochote kinachofanana pande zote mbili kinafutika. Mwimbaji huwekwa katikati, sawa kwa sawa kushoto na kulia, kwa hiyo ndiye anayefutika kwanza. Ukibonyeza kitufe, unaunganisha maiki na gandi ndani ya kidude, njia ya kurudi inapatikana, naye anarudi. Kuna vipande vidogo vya kuunganishia vinavyobadilisha mpangilio mmoja kuwa mwingine. Bila hicho, hakuna mpangilio wa simu utakaoondoa tatizo hilo.

Ila angalia: mwimbaji akipotea kwenye iafoni ambazo jana zilikuwa nzima, gandi imekatika kwenye waya au pini haijaingia vizuri. Sukuma pini kwanza, halafu pinda waya kama nilivyoeleza.

Iafoni za iPhone kwenye Android, na simu zisizo na tundu

Iafoni za Apple zenye pini ya mviringo zikichomekwa kwenye Android, kitufe cha katikati kinafanya kazi, vya kuongeza na kupunguza vimekufa. Hazijaharibika. Cha katikati ni kile kile cha kuunganisha waya wa maiki na gandi, ambacho simu zote zinakielewa. Vya sauti havitumii rezista za 240 na 470 bali chipu ndogo inayozungumza kwa namna ya Apple. Ukichomeka za Android kwenye iPhone utapata hali hiyohiyo kwa upande wa pili. Muuzaji mwaminifu atakuuliza simu yako ni ipi kabla ya kukufungia mzigo.

Kwenye simu zenye USB-C peke yake, kuna vipande vya kuunganishia vya aina mbili vinavyofanana kwa sura. Kimoja ni waya mtupu unaotegemea simu itoe sauti tayari kwa njia ya kawaida. Kingine kina chipu yake ndani, nayo ndiyo inayousoma ukinzani wa kitufe na kuipelekea simu habari kama vile kibodi inavyotuma herufi. Simu isiyotoa sauti kwa njia ya kwanza haitapatana na waya mtupu, muziki wala kitufe. Ukinunua, chomeka palepale dukani na ujaribu mambo matatu: muziki, maiki, na kitufe, maana kuna vinavyopitisha muziki na kuyaacha mengine.

Ukifika kwa fundi

Kama umebaini waya umekatika shingoni mwa pini na iafoni ni za kukupendeza, kubadilisha pini ni kazi ndogo. Mwambie fundi tangu mwanzo kwamba unataka pini ya sehemu nne, si tatu, la sivyo utarudishiwa muziki bila kitufe. Ndani ya waya atakuta nyuzi za rangi zilizopakwa vanishi: mara nyingi nyekundu ni kulia, kijani au bluu ni kushoto, rangi ya shaba ni gandi, na iliyobaki, ambayo hubadilikabadilika, ni maiki. Vanishi hiyo haishiki risasi. Ni lazima aichome kwa ncha ya pasi ya kulehemu au aikwarue, na mafundi wenye haraka hulehemu juujuu, ikashika siku mbili.

Kabla hajafunga plastiki, mwombe aweke mita kwenye omu, ncha moja kwenye kipande cha mwisho na nyingine kwenye kile kinachokitangulia. Bila kubonyeza isome elfu moja na zaidi. Ikionekana ya ajabu, abadilishane ncha za mita, maana maiki ina upande wake wa umeme. Akibonyeza cha katikati ishuke karibu na sifuri, cha kuongeza karibu na 240 na cha kupunguza karibu na 470, au pungufu kidogo kwa kuwa maiki nayo inachangia. Kama mita yake ina betri chovu, rekodi sauti kwa simu yako, hesabu hadi ishirini, na ubonyeze kwenye kumi. Mkato ukisikika, mlipe.